Kila Kaya ya Kumi

Mtafiti anataka kujua ni kaya ngapi katika mtaa mmoja zilizotuma walau mtu mmoja kwenye mikutano ya mtaa mwaka uliopita. Mtaa una kaya 600. Muda na nauli alivyonavyo vinatosha kaya 60 tu. Kwenye ofisi ya mtaa anakabidhiwa daftari lenye majina ya wakuu wa kaya wote, limeandikwa kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Anagawanya 600 kwa 60, anapata 10. Anaandika namba 1 hadi 10 kwenye vikaratasi, anavikunja, anavichanganya, anaokota kimoja. Kikitoka cha 4, basi atakwenda kwenye kaya ya 4, ya 14, ya 24, na kuendelea hivyo hivyo mpaka ya 594.

Njia hii wataalamu wa takwimu huiita sampuli ya kimfumo yenye mwanzo wa nasibu. Ile 10 ni hatua ya kuruka, na ile 4 ni mwanzo. Inapendwa kwa sababu nzuri. Ukitaka kuchagua kaya 60 kwa bahati nasibu kamili itabidi uokote namba 60 tofauti, uzipange, kisha ufukue kila moja daftarini. Kwa njia ya kuruka unaokota mara moja na kazi iliyobaki ni kuhesabu. Pia sampuli hutawanyika vizuri. Kaya zilizochaguliwa haziwezi kurundikana kwenye kona moja ya mtaa, kwa kuwa kila kundi la kaya kumi zinazofuatana hutoa moja. Na mtafiti hana nafasi ya kukwepa nyumba yenye mbwa mkali au ile iliyo mlimani, maana namba ndiyo imeamua.

Tena ni njia ya haki kwa maana iliyo wazi kabisa: kila kaya ya daftari lile ina nafasi moja kati ya kumi ya kuchaguliwa, sawa na jirani yake. Hapo ndipo wengi huishia. Wanaona nafasi ni sawa kwa wote, basi wanahitimisha kwamba sampuli lazima ifanane na mtaa.

Sasa tuangalie daftari lenyewe limeandikwaje. Tanzania ina utaratibu wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, ulipoanzishwa chini ya TANU: nyumba zinazokaribiana hukusanywa kuwa kikundi kimoja, na kikundi kina kiongozi wake, balozi. Tuseme aliyeandika daftari la mtaa huu alipita kikundi kwa kikundi, kila kimoja kikiwa na kaya kumi kamili, na kwa adabu ya kawaida akaanza na jina la balozi kisha akafuatisha kaya tisa zilizobaki. Hakuwa na nia mbaya yoyote. Lakini matokeo yake ni kwamba mabalozi wamekaa kwenye namba 1, 11, 21, 31, mpaka 591. Mabalozi 60, kila mmoja akiwa hatua kumi kutoka kwa mwenzake.

Balozi haachi kuhudhuria mkutano wa mtaa. Mara nyingi yeye ndiye aliyewaita watu. Basi tuseme kaya zote 60 za mabalozi zilishiriki, na katika kaya 540 za wananchi wengine ni asilimia 30 tu zilizoshiriki, yaani 162. Jumla ni kaya 222 kati ya 600. Jibu sahihi la mtaa mzima, ambalo mtafiti halijui na ndilo analolitafuta, ni asilimia 37.

Turudi kwenye vikaratasi. Akiokota namba 1, atatembelea kaya ya 1, ya 11, ya 21, mpaka ya 591. Kaya 60, na zote ni za mabalozi. Atarudi na jibu kwamba asilimia 100 ya kaya za mtaa huu huhudhuria mikutano. Akiokota namba nyingine yoyote, kuanzia 2 hadi 10, hatakutana na balozi hata mmoja, na jibu lake litakuwa karibu na asilimia 30.

Hapa pana jambo ambalo hata vitabu vingi vya vyuoni hulipita haraka. Ukichukua majibu ya sampuli zote kumi zinazowezekana, moja yenye 100 na tisa zenye wastani wa 30, ukazijumlisha na kugawanya kwa kumi, unapata 37 kamili. Kwa hiyo mwanahisabati atakuambia kwamba njia hii haina upendeleo, na kwa maana yake ya kitaalamu anasema kweli: ukirudia kuokota kikaratasi mara nyingi sana, wastani wa majibu yako utaangukia penye ukweli. Lakini mtafiti haokoti mara nyingi. Anaokota mara moja, anafanya kazi, anaandika ripoti. Na katika zile sampuli kumi hakuna hata moja iliyojengwa kutoa 37. Mara tisa kati ya kumi atapunguza, mara moja atazidisha kupita kiasi. Ripoti yoyote atakayoiandika itakuwa imeelemea upande mmoja, na mwanzo wa nasibu, ambao ulikuwa ndio dhamana yake, haujamsaidia kitu zaidi ya kuamua ataelemea upande gani.

Sababu ni kwamba bahati nasibu iliyotumika ni ndogo sana. Kwa bahati nasibu kamili, idadi ya vikundi tofauti vya kaya 60 vinavyoweza kutoka katika kaya 600 haihesabiki kwa akili ya kawaida, na karibu vyote vingekuwa na mchanganyiko wa mabalozi na wananchi. Kwa njia ya kuruka, vikundi vinavyowezekana ni kumi tu. Vingine vyote vimefungiwa nje na mpangilio wa daftari. Ukiokota kikaratasi, kaya 59 zinazofuata zimekwisha kuamuliwa na yule aliyeandika majina, si na bahati.

Na kuna hatari ya pili, ambayo kwangu mimi ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa inaficha ya kwanza. Kila ripoti nzuri ya takwimu hutaja kiasi cha kosa linaloweza kuwepo: asilimia fulani, jumlisha au toa kadhaa. Kiasi hicho hukadiriwa kwa kuangalia jinsi majibu yanavyotofautiana ndani ya sampuli yenyewe. Majibu yakitofautiana sana, kosa linalowezekana ni kubwa. Yakifanana, ni dogo. Mtafiti aliyeokota namba 1 ana majibu 60 yanayofanana, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kompyuta itamwambia kosa lake ni sifuri. Yaani sampuli mbovu kuliko zote ndiyo inayojitangaza kuwa sahihi kuliko zote. Mwaka 1944 William Madow na Lillian Madow walichapisha hesabu za jambo hili na kuonyesha kwamba usahihi wa sampuli ya kimfumo hutegemea jinsi vitu vilivyomo ndani ya sampuli moja vinavyofanana vyenyewe kwa vyenyewe. Vikifanana mno, sampuli haina thamani ya ukubwa wake. Mabalozi 60 wanakupa habari kama balozi mmoja.

Mtu anaweza kudhani kwamba balaa hutokea tu pale hatua inapokuwa sawasawa na mzunguko wa daftari, kumi kwa kumi. Sivyo. Tuseme mtafiti amepata fedha za kaya 120, akaruka kwa tano. Akianza na 1 atapita 1, 6, 11, 16, 21: nusu ya sampuli yake ni mabalozi, na jibu lake litakuwa asilimia 65. Akianza na 2, 3, 4 au 5, hatamwona balozi. Ameongeza sampuli mara mbili na bado hana jibu. Akiruka kwa 20 na kuanza na 1 au 11, sampuli nzima ni mabalozi. Hata hatua ya 15, ambayo kwa macho haihusiani na 10, ikianza na 1 itapita 1, 16, 31, 46, 61, na nusu yake ni mabalozi tena. Ubaya unaingia popote ambapo hatua na mzunguko vina kigawo cha pamoja kinachozidi moja, na unafika kileleni pale hatua inapolingana na mzunguko au kuwa mara zake kamili.

Jaribu sasa kuruka kwa 11. Anzia 4: kaya ya 4, 15, 26, 37, 48, 59, 70, kisha 81. Hiyo 81 ni balozi. Kila unaporuka unasogea nafasi moja mbele ndani ya kikundi, kwa hiyo katika kila kaya kumi unazozipitia unakutana na balozi mmoja kamili. Mpaka mwisho wa daftari utakuwa na kaya 55, tano kati yake za mabalozi. Mabalozi watano wameshiriki wote, na katika kaya 50 za wananchi tutegemee 15. Jumla 20 kati ya 55, yaani asilimia 36 na kidogo. Kwa kubadilisha namba moja tu, kutoka 10 kwenda 11, jibu limerudi mahali pake, na sampuli imepungua kaya tano.

Lakini ili uchague 11 badala ya 10 ni lazima ujue kwamba daftari lina mzunguko wa kumi, na ugumu wote uko hapo. Mzunguko hauandikwi juu ya jalada.

Mfano mkubwa wa watu walioutafuta kabla haujawadhuru ni sensa ya Marekani ya mwaka 1940. Nchi ile ilikuwa na watu wapatao milioni 132, na kwa mara ya kwanza katika historia ya sensa yao iliamuliwa kwamba baadhi ya maswali, kama lugha ya utotoni na mahali walipozaliwa wazazi, yaulizwe kwa asilimia tano tu ya watu. Waliopanga kazi hiyo ni Frederick Stephan, Edwards Deming na Morris Hansen, majina yanayoheshimika mpaka leo katika fani hii. Karatasi ya karani wa sensa ilikuwa na mistari 40 kila upande, mtu mmoja kwa mstari, jumla 80. Asilimia tano ya 80 ni watu wanne. Basi ilitosha kuweka alama kwenye mistari minne ya karatasi, na yeyote atakayeangukia mstari huo aulizwe maswali ya ziada. Karani hana la kuchagua.

Katika fomu nyingi mistari iliyowekwa alama ilikuwa wa 14 na wa 29 upande wa kwanza, na wa 55 na wa 68 upande wa pili. Kwa nini si wa 1? Kwa sababu Deming na wenzake walijua karani anavyofanya kazi. Anaanza kazi yake kwenye kona, na nyumba ya kona si sawa na nyumba za katikati. Akiingia kwenye kaya, anamwandika kwanza mkuu wa kaya, halafu mke, halafu watoto, halafu ndugu na wapangaji. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa karatasi ya kwanza ya kila eneo ni wa mkuu wa kaya, bila kukosa, na mistari inayofuata huwaelekea watu wa nyumba ile ile ya kona. Mwishoni mwa eneo, karatasi ya mwisho mara nyingi haijai, na mistari ya chini hubaki mitupu. Kila mstari una tabia yake. Ukiuchagua mstari mmoja nchi nzima, umeichagua na tabia hiyo nchi nzima.

Hata mistari ya katikati haikuwaridhisha peke yake, kwa kuwa kuwaacha kabisa watu wa mistari ya juu na ya chini nako ni kuelemea. Wakachapisha fomu za aina tano. Nyingi zilikuwa na mistari ile ya katikati, na chache zilizobaki ziliwekewa alama kwenye mistari ya mwanzo na ya mwisho, ili kila sehemu ya karatasi ipate wawakilishi wake kwa kadiri inayostahili. Ni kazi ya uangalifu wa hali ya juu iliyofanyika kwenye meza ya mchapaji, kabla mtu yeyote hajahesabiwa.

Somo la meza ile ndilo linalomfaa mtafiti wetu. Swali la kuuliza kwenye ofisi ya mtaa ni hili: nani aliandika daftari hili, na alipitia wapi? Ukiambiwa lilifuata vikundi vya nyumba kumi, tayari umepata mzunguko. Ukiambiwa ni nyumba za mpangilio mmoja, safu ya vyumba sita vya kupangisha na cha saba cha mwenye nyumba, umeupata mwingine. Rejista ya darasa inayoandika msichana, mvulana, msichana, mvulana ina mzunguko wa wawili, na hatua yoyote ya namba shufwa itakupa jinsia moja tu. Kitabu cha wagonjwa wa nje kilichojumlishwa kwa siku kina mzunguko wa saba. Ukichukua kila siku ya saba, mwaka mzima unasoma Jumatatu, au mwaka mzima unasoma Jumapili.

Pale aliyeandika hapatikani, daftari lenyewe linaweza kuulizwa. Mara nyingi huwa na safu zaidi ya jina: jinsia ya mkuu wa kaya, idadi ya watu, pengine kazi. Chukua mojawapo ya safu hizo na ukokotoe wastani wake kwa kila mwanzo unaowezekana. Wastani wa idadi ya watu kwa kaya za 1, 11, 21; kisha kwa 2, 12, 22; na kuendelea mpaka 10, 20, 30. Ni hesabu ya dakika chache kwenye kompyuta. Kama wastani kumi hizo zinakaribiana, hakuna dalili mbaya. Kama moja imejitokeza mbali na wenzake, simama hapo hapo. Kipimo hiki kina mpaka wake: safu unayoweza kuiona huenda isifuate mzunguko, ilhali jambo unalokwenda kuliuliza linaufuata. Idadi ya watu katika kaya ya balozi haina sababu ya kuwa tofauti na ya jirani, lakini mahudhurio ya mkutano yanayo.

Kwa hiyo kuna njia ya kujikinga hata bila kuujua mzunguko. Badala ya kuokota mwanzo mmoja na kuruka kwa 10, okota mianzo sita tofauti kati ya 1 na 60, na kila mmoja uruke kwa 60. Kila mwanzo unakupa kaya kumi, jumla ni 60 zile zile, na gharama haijaongezeka kwa kiasi cha kulalamikia. Faida ni kwamba sasa una sampuli ndogo sita zinazojitegemea. Kama mmoja wa mianzo hiyo umeangukia kwenye mabalozi, sampuli yake itasema asilimia 100 huku zile tano zikisema karibu 30, na tofauti hiyo itakukabili kabla hujaandika ripoti. Kiasi cha kosa ukikikadiria kwa kulinganisha sampuli sita hizo, kitatoka kikubwa, na ukubwa huo ndio ukweli. Bila shaka inawezekana mianzo yote sita iwakose mabalozi. Kinga hii inapunguza hatari, haiiondoi. Deming aliipenda sana njia hii ya sampuli zilizorudiwa na aliitumia kwa miaka mingi katika kazi zake.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuchanganya daftari lote kwa nasibu kabla ya kuruka. Mzunguko unavunjika mara moja. Lakini unavunja pia kile kilichokufanya upende kuruka, yaani mtawanyiko wa sampuli juu ya mtaa mzima, na unarudi kwenye bahati nasibu ya kawaida. Mimi singeikimbilia. Daftari lililofuata barabara na vichochoro, bila mabalozi kutangulizwa, ni bora likaachwa lilivyo, kwa sababu majirani hufanana kwa kipato, kwa maji na kwa choo, na kuruka juu ya majirani kunahakikisha kila kipande cha mtaa kimesikika. Mpangilio unaopanda au kushuka polepole humfaidi mtafiti. Unaomdhuru ni ule unaojirudia.

Tafiti kubwa za kaya katika nchi zetu hutumia njia hii ya kuruka kila siku, na zimejengwa kwa namna ambayo mzunguko hupata shida kuziteka. Katika Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2022 yalichaguliwa maeneo 629, na katika kila eneo kaya 26. Kabla ya kuchagua, kaya zote za eneo huorodheshwa upya, na idadi hutofautiana toka eneo moja hadi jingine. Tuseme eneo moja limekutwa na kaya 173. Ukigawanya kwa 26 unapata 6.65, hatua isiyo namba kamili. Mwanzo huokotwa kwa desimali, tuseme 2.31, kisha unaongeza 6.65 kila mara: 2.31, 8.96, 15.61, 22.26, na kila jibu hupandishwa hadi namba kamili inayofuata. Kaya zinazotembelewa ni ya 3, ya 9, ya 16, ya 23. Angalia nafasi zilizo katikati: sita, saba, saba. Mruko wenyewe hauna mapigo ya kudumu ambayo daftari linaweza kuyafuata.

La muhimu zaidi, kila eneo lina mwanzo wake. Hapa ndipo kauli ya mwanahisabati kuhusu wastani inapoacha kuwa maneno ya kwenye karatasi. Mtafiti wetu akifanya kazi katika mitaa 50 yenye madaftari kama lile, na akaokota kikaratasi upya katika kila mtaa, mitaa kama mitano hivi itampa mabalozi watupu na 45 itampa wananchi watupu, na wastani wa yote utasogea kwenye 37. Lakini makao makuu yakiokota namba moja, tuseme 4, yakaichapisha kwenye mwongozo ili wasaidizi wote waanze na kaya ya nne kila mahali, mitaa yote 50 itarudisha 30. Mtaa wa 51 hautabadilisha chochote, wala wa 500. Wasaidizi watakuwa wamefuata mwongozo neno kwa neno, na katika nchi nzima hakuna balozi hata mmoja atakayebishiwa hodi.